Mdomo wa kalibu kwanza, mchoro baadaye: kukagua flanji fupi na mkato wa kuachia

Mchoro wa kipande cha bati unaweza kuwa sahihi kwa kila kipimo na kipande chenyewe kisikunjike. Flanji, yaani ile sehemu inayosimama baada ya kukunja, imeandikwa milimita 10. Bati ni la milimita 2. Pembe ni nyuzi 90. Na kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa. Kipande kinakatwa kwa leza, kinapelekwa kwenye mashine ya kukunja, na hapo ndipo fundi anagundua kuwa ukingo wa flanji hauna pa kuegemea. Wakati huo bati limeshakatwa na fedha zimeshatoka. Kuna vipimo viwili ambavyo ungevikagua mapema hayo yasingetokea: urefu mdogo kabisa wa flanji, na ukubwa wa mkato wa kuachia, yaani ule mkato mdogo unaochongwa kwenye mwisho wa mstari wa kukunjia ili sehemu inayokunjwa iachane na sehemu inayobaki bapa. Mara nyingi viwili hivi hufundishwa kama kanuni mbili zisizohusiana. Mimi nasema mzizi wao ni mmoja, nao ni upana wa mdomo wa kalibu ya chini. Anayechora bila kuujua mdomo huo anabahatisha vyote viwili.

Anza na kinachotokea ndani ya mashine. Katika karakana nyingi bati hukunjwa bila kukandamizwa hadi chini ya kalibu. Kisu cha juu kinashuka katikati ya mfereji wenye umbo la V, bati linaegemea mabega mawili ya mfereji huo, na pembe inategemea kisu kimeshuka kiasi gani. Kwa hiyo bati linaguswa mahali patatu tu: ncha ya kisu na yale mabega mawili. Kutokana na hilo, nusu kipenyo cha ndani cha mkunjo hakifuati sana ncha ya kisu, maadamu ncha hiyo ni ndogo kuliko mkunjo wenyewe. Kinafuata upana wa mdomo, kwa sababu bati linajipinda lenyewe katika nafasi iliyo kati ya mabega. Kwa chuma laini cha kawaida nusu kipenyo hicho huwa karibu asilimia 16 ya upana wa mdomo. Mdomo wa milimita 16 hukupa takriban milimita 2.6, na wa milimita 12 hukupa takriban milimita 2. Ukiandika kwenye mchoro nusu kipenyo cha milimita 1 huku karakana ikikunjia kwenye mdomo wa 16, bati halitausoma mchoro wako.

Urefu mdogo wa flanji unatoka moja kwa moja kwenye picha hiyo. Mkunjo unapofika nyuzi 90, kila upande wa bati umeinuka nyuzi 45. Bega la kalibu liko umbali wa nusu ya mdomo kutoka katikati, ukipima kwa ulalo. Lakini flanji haijalala tena, imeinama, na ukipima kando ya uso wake wa nje kutoka kwenye kona hadi inapogusa bega, umbali huo ni nusu ya mdomo ukigawa kwa 0.707, yaani takriban 0.7 ya mdomo mzima. Hiyo ndiyo asili ya kanuni ambayo mafundi wengi wanaijua kwa kichwa: flanji isipungue 0.7 × V, ikipimwa kwa nje. Mdomo wa 12 unadai milimita 8.5, wa 16 unadai 11.3, wa 20 unadai 14.1. Pembe ikiwa kali zaidi, flanji inainama zaidi na inahitaji kuwa ndefu zaidi. Kwa nyuzi 60 umbali huo, ukipimwa hadi pale nyuso mbili za nje zingekutana, unafikia upana mzima wa mdomo.

Hapa huja pingamizi ambalo lina mantiki yake. Mtu atasema: bati likiwa bapa, ukingo wake unatakiwa tu kuvuka bega, na bega liko nusu ya mdomo kutoka mstari wa kukunjia; basi kwa mdomo wa 16, milimita 8 na nywele zinatosha. Ni kweli kwamba bati litakaa vizuri kisu kinapoanza kushuka. Lakini kadiri mkunjo unavyofunga, bati linavutwa ndani ya mfereji na ukingo unatambaa juu ya bega kuelekea ndani. Flanji iliyoanza na milimita 8.5 kutoka mstari wa kukunjia itavuka bega mwanzoni, kisha itadondoka ndani ya V kabla pembe haijafika 90. Utaijua kwa mlio mkavu wa ghafla, kwa mkwaruzo mzito kwenye uso wa nje karibu na ukingo, na kwa pembe inayobaki wazi upande mmoja huku upande wa pili umefunga. Mbaya zaidi, kipande kinachodondoka huruka mikononi, na fundi anayeshikilia kipande kidogo huwa na vidole karibu sana na kisu. Kwa hiyo pima flanji ya mwisho wa mkunjo, siyo ya mwanzo wake.

Kumbuka pia kwamba kanuni inadai 0.7 ya mdomo kila mahali kwenye urefu wa mkunjo. Flanji iliyokatwa mshazari, ndefu upande mmoja na kuishia karibu sifuri upande mwingine, hupimwa pale ilipo fupi kabisa. Na tundu lililo karibu na mstari wa kukunjia linaweza kuwa sawa na ukosefu wa flanji: likiangukia juu ya bega, hapo hakuna kinachoegemea, na tundu litavutika liwe yai.

Kabla ya kwenda kwenye mfano, unene. Bati letu huuzwa kwa geji, na geji si kipimo kimoja duniani kote. Geji 16 kwa jedwali la Kiingereza ni milimita 1.63, kwa jedwali la Marekani la mabati ya chuma ni 1.52. Geji 14 ni 2.03 kwa la kwanza na 1.90 kwa la pili. Tofauti hizo ni ndogo machoni, lakini nguvu ya kukunja hupanda kwa mraba wa unene, na makato ya mkunjo hubadilika pamoja na unene. Chukua maikromita au vernia, pima bati lenyewe sehemu mbili tatu mbali na ukingo uliokatwa, kwa sababu ukingo huwa na makovu ya kukata yanayodanganya, na uandike namba uliyoiona. Kisha chagua mdomo. Desturi ya muda mrefu ni mara 6 ya unene kwa mabati membamba, mara 8 kwa ya kati, na mara 10 au zaidi kwa pleti nene kuanzia milimita 10 hivi. Hii ni sehemu ya kuanzia tu. Mdomo halali ni ule ulioko kwenye rafu ya karakana itakayokunja kazi yako. Piga simu uulize wana kalibu za upana gani.

Sasa mfano. Tuna bamba la ndani la sanduku la umeme, chuma laini, milimita 2 kamili kwa maikromita. Kwenye ukingo mmoja wa bamba, katikati, kuna flanji ya upana wa milimita 60 na kimo cha milimita 10 kwa nje. Sehemu za ukingo zilizo kulia na kushoto kwake zinabaki bapa, na mchoro unataka ncha zake ziwe usawa mmoja na uso wa nje wa flanji. Karakana inakunja bati la milimita 2 kwenye mdomo wa 16, yaani mara 8. Flanji inayohitajika ni 0.707 × 16, milimita 11.3. Tunayo 10. Kipande kimekataliwa kabla ya kukatwa, na hiyo ndiyo faida yote ya ukaguzi.

Jibu la haraka la wengi ni: tumia mdomo mdogo zaidi. Mara nyingi ni jibu zuri, ila lina gharama tatu zinazopaswa kuhesabiwa. Ya kwanza ni nguvu. Kwa makadirio, nguvu kwa kila milimita ya mkunjo ni F = 1.42 × Rm × t² ÷ V, ambapo Rm ni nguvu ya mvutano ya chuma kwa megapaskali na jibu hutoka kwa nyutoni. Kwa chuma cha megapaskali 450 na unene wa 2, mdomo wa 16 unahitaji karibu kilonyutoni 160 kwa mita, na wa 12 karibu 213, yaani theluthi zaidi. Kwa mkunjo wetu wa milimita 60 hiyo ni chini ya tani moja na nusu, na mashine haitaihisi. Lakini mkunjo wa mita tatu ungekuwa jambo jingine, na hata kwa mkunjo mfupi ni lazima usome mzigo wa juu kwa mita uliogongwa ubavuni mwa kalibu, kwa kuwa kalibu huvunjika kwa mzigo uliokusanyika mahali pamoja hata mashine ikiwa na nguvu tele. Ya pili ni nusu kipenyo. Kwa 12 kinashuka hadi milimita 2, sawa na unene, na chuma laini hakina shida. Ukishuka hadi mdomo wa 8 kinafika karibu 1.3, na hapo umegusa eneo ambapo kisu kinaanza kuchimba mfereji ndani ya kona. Kwa chuma laini mpaka huo hukadiriwa kuwa asilimia 63 ya unene. Ya tatu, inayosahaulika kuliko zote, ni kwamba umbo bapa linabadilika, na pamoja nalo mkato wa kuachia. Ndiyo maana sikubali kwamba uchaguzi wa mdomo ni shauri la fundi peke yake siku ya kukunja.

Tuseme basi tumekubaliana na karakana watumie mdomo wa 12. Flanji inayotakiwa ni 8.5, tunayo 10, na tuna milimita 1.5 ya usalama. Usiione ziada hiyo kuwa ni anasa. Mabega ya kalibu yana mviringo, kalibu iliyofanya kazi miaka mingi mabega yake yamelika na mdomo wake umepanuka kimyakimya, na kizuizi cha nyuma nacho kina makosa yake madogo. Chini ya milimita 1 ya ziada kwa bati la unene huu, ningerefusha flanji kuliko kuomba bahati. Kama sanduku linaruhusu flanji ya 12.5, kwa kweli hilo lingekuwa bora kuliko kubadili mdomo, maana karakana ingebaki na kalibu yake ya kawaida. Wapo watakaosema kunja flanji ndefu kisha uipunguze kwa grainda. Inawezekana, na kwa kipande kimoja cha dharura sina ugomvi nayo. Kwa vipande mia ni kazi mpya ya mkono isiyo na usahihi, na kwa bati lenye zinki ni kuufungulia kutu ukingo wenyewe.

Twende kwenye mkato wa kuachia. Ncha mbili za mstari wa kukunjia ni mahali ambapo chuma kinachokunjwa kimepakana na chuma kinachobaki bapa. Pasipo mkato, chuma hicho hakina budi kuchanika au kuvutika, na kitafanya vyote viwili. Kitakachotokea ni mpasuko mdogo kwenye kona, uvimbe pembeni, na bapa iliyopinda kidogo kiasi kwamba haikai juu ya meza. Kanuni inayozunguka ni kwamba upana wa mkato usipungue unene wa bati, na kina chake kiwe unene, kujumlisha nusu kipenyo cha ndani, kujumlisha milimita 0.5. Kwa mdomo wa 12 hiyo ni 2 + 2 + 0.5, milimita 4.5. Kwa mdomo wa 16 ingekuwa 2 + 2.6 + 0.5, milimita 5.1. Tazama jinsi kalibu ilivyoingia tena kupitia nusu kipenyo. Mkato uliochorwa kwa mdomo wa 12, ukikunjwa kwenye 16, hauvuki tena eneo la mkunjo: pale penye 4.6 panapoanza bapa, mkato umeishia 4.5.

Lakini kina hicho kinapimwa kutoka wapi? Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na programu za kuchora hazisaidii kwa sababu si zote zinaanzia mahali pamoja. Unene kujumlisha nusu kipenyo ni umbali kutoka uso wa nje wa flanji iliyokwisha kukunjwa hadi pale mviringo unapoishia na bapa kuanza. Katika mfano wetu ncha za bapa ziko usawa mmoja na uso huo wa nje, kwa hiyo 4.5 inapimwa kutoka kwenye ncha hizo kwenda ndani, na hakuna utata. Ukipima kwenye umbo bapa kutoka mstari wa kukunjia, namba ni nyingine. Chukua makato ya mkunjo, yaani kiasi ambacho jumla ya flanji mbili za nje inazidi urefu wa bati bapa. Kwa unene wa 2 na nusu kipenyo cha 2 ni karibu milimita 3.5. Nusu yake ni 1.75. Bapa inaanza milimita 4 kutoka uso wa nje, toa 1.75, inabaki 2.25, ongeza 0.5 ya usalama, mkato uvuke mstari wa kukunjia kwa takriban milimita 2.75 kuingia kwenye bapa. Mtu anayepima 4.5 kutoka mstari wa kukunjia hatapasua bati, ila atakuwa na mashimo makubwa yasiyo na sababu, na kwenye sanduku la umeme mashimo ni milango ya vumbi. Anayepima 2.75 kutoka ncha ya nje atapasua bati. Kosa la pili ndilo baya.

Kwa upana, pingamizi linatoka kwa wenye leza. Leza inaweza kukata ufa mwembamba mno, na ufa tayari umeitenga flanji na bapa. Kwa nini tupoteze milimita 2 nzima? Kwa bati jembamba la chini ya milimita 1, kwa kazi isiyoonekana, ufa unaweza kupita. Shida ni kwamba chuma kilicho ndani ya mkunjo kinabanwa, na kikibanwa kinatafuta pa kwenda, hivyo mwisho wa mkunjo huvimba kwa pembeni. Kwenye ufa mwembamba uvimbe huo unagonga ukuta wa bapa, unakwaruza na kuisukuma. Kwa bati la milimita 2, mkato wa upana wa 2 unauacha uvimbe upite. Wenye mashine ya kutoboa kwa panchi hawana hata hiari hiyo, kwani panchi nyembamba kuliko unene wa chuma huvunjika upesi. Nami ningeomba pia chini ya mkato pawe mviringo badala ya kona mbili kali, hasa kwa kipande kitakachotikiswa na mota au gari, kwa kuwa ufa wa uchovu hupenda kuanzia kwenye kona kali.

Njia nyingine ni kuepuka mkato kabisa. Ikiwa ncha za bapa si lazima ziwe usawa mmoja na uso wa flanji, zirudishe nyuma milimita 4.5, na flanji itaota mbele yake. Eneo lote la mkunjo liko nje ya bapa na hakuna cha kuachia. Hii ni safi kuliko mkato wowote, na inashangaza jinsi inavyotumika mara chache.

Ukibadilisha chuma, jambo moja linabaki na jingine linahama. Chuma cha stenlesi hupinda kwa nusu kipenyo cha karibu asilimia 20 ya mdomo au zaidi kidogo. Urefu mdogo wa flanji haujali, maana umetokana na mabega tu. Mkato unajali: kwa mdomo wa 12 nusu kipenyo kinakuwa 2.4 na kina kinasogea hadi 4.9. Kwa hiyo kazi ikihama kutoka chuma laini kwenda stenlesi, usiridhike kwamba flanji ilikwisha kupita.

Asilimia hizi zote ni makadirio, na karakana yako inaweza kuyasahihisha kwa kipande kimoja cha taka. Kata bati lilelile liwe na urefu wa milimita 100 kamili, likunje katikati kwa nyuzi 90 kwenye mdomo uliokubaliwa, kisha pima flanji zote mbili kwa nje na uzijumlishe. Ukipata 103.5, makato ni 3.5. Linganisha kona ya ndani na geji ya nusu kipenyo. Namba hizo mbili zinatosha kurudia hesabu yote ya mkato hapo juu bila jedwali la mtu mwingine. Hakikisha pembe ni 90 kweli kabla ya kupima; nyuzi 2 zikipungua, jumla yako itadanganya.

Mwisho, andika kwenye mchoro kile ulichokitegemea: chuma laini, unene halisi 2.0, mdomo wa kalibu 12, nusu kipenyo cha ndani 2, makato 3.5. Karakana ikikosa kalibu ya 12 na ikataka kutumia 16, mstari huo utawalazimisha kukuuliza kabla ya kukata, nawe utakuwa na majibu tayari: flanji iwe 12.5, mkato uwe 5.1, na umbo bapa lihesabiwe upya kwa makato ya mdomo wa 16, ambayo ni karibu 3.8.